Salamu ya Idd ya duka ikigeuka tangazo: dalili, sababu na namna ya kuitengeneza

Chukua mfano wa duka la leso na madera katika Barabara ya Biashara, Mombasa. Ni usiku wa kuamkia Idd, mwezi umeshatangazwa, na mwenye duka anaandika maneno haya kwenye stetasi ya WhatsApp, kisha anawatumia wateja wake wote:

"IDD MUBARAK!!! Kwa wateja wetu wapendwa, katika kusherehekea msimu huu wa furaha tunawaletea OFA KABAMBE! Punguzo la HADI 30% kwa bidhaa zote!!! Wahi sasa kabla hazijaisha. Usikubali kupitwa! Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Kufikia asubuhi, watu kadhaa wametia mioyo na mikono ya dua. Wawili watatu wamejibu "na kwenu pia". Mmoja ameuliza leso ni bei gani. Mwengine ameandika, "Hata leo mwauza?" Baada ya Idd duka linafunguliwa, anaingia mama mmoja na simu mkononi, anaonyesha ile asilimia thelathini, na ubishi unaanza kaunta.

Mwenye duka akitazama yote haya husema posti "haikufanya kazi" na mwaka wa pili anaongeza alama za mshangao. Lakini hapa pana kasoro kadhaa tofauti, kila moja na chanzo chake, na dawa ya moja haitibu nyengine. Naanza na ile inayouma zaidi.

Dalili: mtu anajibu "hata leo mwauza?", au anaacha kutazama stetasi zako

Sababu ya kawaida si kwamba umetaja punguzo. Wateja wa Mombasa hawachukii kuambiwa bei imeshuka. Wanachochukia ni kuona salamu imewekwa mlangoni ili bidhaa ipite nyuma yake.

Kipimo chake ni rahisi. Funika kwa kidole kila neno linalohusu bei na bidhaa, kisha usome kilichobaki. Katika posti yetu kinabaki "Idd Mubarak kwa wateja wetu wapendwa, msimu wa furaha". Maneno hayo yangeweza kutumwa na kampuni ya simu, benki, au duka la betri za gari. Hakuna salamu pale, kuna kichwa cha tangazo tu. Msomaji amelihisi hilo kabla hajafika kwenye 30%.

Wengi wakiambiwa hivi hukimbilia kulipunguza tangazo: wanaandika punguzo kwa herufi ndogo, au wanalificha mwisho kabisa kwa haya. Haisaidii. Salamu ikiwa tupu, hata punguzo la neno moja litaonekana kubwa kuliko hiyo salamu. Tiba ni kuikamilisha salamu yenyewe mpaka iweze kusimama peke yake hata kama hakuna bei iliyotajwa.

Salamu ya duka hukamilika kwa kutaja jambo ambalo duka hilo tu lingeweza kulisema, na mwaka huu tu. Kumi la mwisho la Ramadhani Barabara ya Biashara hujaa watu usiku baada ya tarawehe, na kila duka lina kumbukumbu zake za usiku ule. Kuna waliosubiri foleni na watoto wamelala begani. Kuna jirani aliyeleta mahamri na mbaazi wakati wa futari kwa sababu alijua wauzaji hawataweza kwenda nyumbani. Kuna fundi wa kushona aliyekesha kumaliza mikono ya madera. Taja moja au mbili ya hayo, bila majina ya watu, na kila aliyepita dukani atajiona ndani yake. Baada ya hapo weka dua, maana salamu ya Idd huku pwani bila dua husikika kama imekatwa katikati: Mungu azitakabali funga zetu, atufikishe mwakani tukiwa wazima. Halafu nukta.

Nukta hiyo ina kazi kubwa. Mahali posti nyingi huharibikia ni pale panapounganishwa mambo mawili: "katika kusherehekea Idd tunawaletea...", "kwa furaha ya msimu huu jipatie...". Kiungo hicho ndicho kinachomwambia msomaji kwamba dua ilikuwa chambo. Usiunganishe. Maliza salamu, ruka mstari mmoja, kisha sema habari ya bei kama habari nyengine yoyote, kwa sentensi isiyojifanya ni sehemu ya ibada.

Kisha tazama vitenzi. "Wahi", "usikose", "jipatie", "usikubali kupitwa": zote ni amri. Isome posti kwa sauti kana kwamba mbele yako amesimama mama wa makamo aliyevaa buibui, umeshamwamkia shikamoo naye ameitika marahaba. Je, ungemwambia "Wahi sasa"? Hapana. Ungemwambia, "Karibu mamangu, leso zile tumezishusha, ni mia tano." Sentensi hiyo ya pili ndiyo ya kuandika. Inaeleza kilichopo na inamwachia yeye uamuzi. Herufi kubwa na alama za mshangao zitaondoka zenyewe ukishaandika hivyo, kwa sababu hakuna anayepaza sauti akisema "ni mia tano".

Neno moja kuhusu majirani wasiokuwa Waislamu, kwa sababu orodha ya wateja wa duka la Mombasa ina watu wa kila dini. Salamu ya Idd inaweza kutumwa kwa wote, ila wasiachwe wakasoma barua ya wengine. Sentensi moja ya kuwajumuisha inatosha. Majirani hao huletewa biriani na pilau siku ya Idd mwaka hadi mwaka, kwa hivyo hakuna la kutunga hapo.

Dalili: mioyo mingi, mteja hakuna

Hapa lugha inaweza kuwa nzuri kabisa na bado posti isilete mtu. Sababu yake iko kwenye kalenda, na kwa maoni yangu hii ndiyo kasoro ambayo wenye maduka huichunguza kwa uchache mno.

Nguo za Idd hununuliwa kabla ya Idd. Anayetaka kushonewa hutafuta kitambaa mapema, kwa sababu mafundi wakishajaa hawapokei kazi mpya. Anayenunua dera lililo tayari huja kumi la mwisho. Usiku mwezi unapotangazwa, waliobaki barabarani ni wale wa dakika ya mwisho, na kesho yake asubuhi watu wako kwenye swala, kisha majumbani, kisha watoto wanapelekwa matembezini. Punguzo la nguo za Idd linalotangazwa usiku ule linamfikia mtu aliyekwisha kununua. Si hilo tu: linamwambia kwamba angengoja kidogo angelipa kidogo. Mteja wako mwaminifu, aliyekuja mapema na kulipa bei kamili, ndiye unayemuumiza siku ya Idd yenyewe. Huyo hataandika lolote. Atatia moyo mmoja na kunyamaza.

Kwa hivyo tofautisha. Ukitaka kupunguza bei kwa ajili ya nguo za Idd, posti hiyo ni ya Ramadhani, na salamu yake ni ya Ramadhani. Iweke mwanzoni mwa kumi la pili, wakati mtu bado ana nafasi ya kumpata fundi, na uiweke usiku baada ya tarawehe. Jioni kabla ya magharibi watu wako jikoni na simu ziko mbali.

Posti ya siku ya Idd yahitaji punguzo la kitu ambacho mtu atakitaka kuanzia siku hiyo na kuendelea. Hapo ndipo mwenye duka la leso ana bahati kuliko muuza viatu vya watoto. Mwezi wa Idd ni Mfunguo Mosi, na harusi ambazo hazikufanywa Ramadhani zinaanza kupangwa na kufanyika. Kwenye harusi kuna leso za sare: kina mama wa upande mmoja wanakubaliana leso moja, na mtu mmoja anatumwa sokoni kuchukua jozi kumi, ishirini, au zaidi. Mteja huyo hajanunua bado. Tena hafikirii leso ya Idd hata kidogo, anafikiria hesabu ya jozi na kama rangi ileile itapatikana kwa wote. Ukimwambia siku ya Idd kwamba wiki ijayo leso zilizobaki zitakuwa bei nafuu na kwamba mzigo wa rangi moja upo, umempa habari anayoitafuta.

Kuna faida ya pili. Punguzo la baada ya Idd lina sababu ambayo kila mtu anaielewa bila kuelezwa sana: mzigo ulioletwa kwa msimu umebaki. Sababu ya kweli iliyosemwa wazi huondoa harufu ya ulaghai. "Tumebakiwa na jozi arubaini" ni sentensi ya kawaida tu, na inafanya kazi ambayo "kabla hazijaisha" haikuweza kuifanya, kwa kuwa msomaji anaweza kujua mwenyewe kwamba arubaini si nyingi.

Dalili: ubishi kaunta, "mlisema asilimia thelathini"

Tufanye hesabu ya duka letu la mfano. Tuseme jozi ya leso imeandikwa shilingi 600. Duka liliinunua kwa jumla kwa shilingi 450. Lakini Barabara ya Biashara watu hupatana bei, na mteja anayejua kuongea huondoka nayo kwa 550. Bei ya kweli ya leso hiyo, basi, ni 550, na wateja wa muda mrefu wanaijua vizuri.

Asilimia thelathini ya 600 ni 180. Leso ingeuzwa 420, yaani chini ya bei iliyonunuliwa. Mwenye duka hakukusudia hivyo. Alikuwa na vigauni vichache vya watoto vya mwaka uliopita ambavyo angeviachia kwa asilimia thelathini, na leso alitaka kupunguza kumi tu, ndipo akaandika "hadi 30% kwa bidhaa zote". Neno "hadi" kwake lilikuwa kinga. Kwa msomaji halikuonekana; kilichoonekana ni 30% na "zote". Mama aliyefika na simu hakusoma vibaya. Posti ndiyo iliyoandikwa vibaya.

Hata ile asilimia kumi kwenye leso ina tatizo. Kumi ya 600 ni 60, bei inakuwa 540. Mteja aliyezoea kuichukua kwa 550 amepunguziwa shilingi kumi, na posti nzima imemwita kwa ajili hiyo. Ndiyo maana punguzo linalohesabiwa kutoka bei iliyoandikwa huonekana la uongo mahali ambapo watu hupatana. Lihesabu kutoka bei ambayo watu hulipa kweli. Ukiishusha leso mpaka 500, mteja wa kawaida amepata nafuu ya shilingi hamsini na ataitambua.

Sasa angalia upande wako kabla hujaandika. Kwa 550 unapata faida ya 100 kila jozi. Kwa 500 unapata 50. Ili upate faida ileile itabidi uuze jozi mara mbili. Ukiwa na jozi arubaini zilizobaki, kwa 550 zingekupa 4,000 lakini huenda zikakaa rafuni mpaka karibu na Idd el-Haj, miezi miwili na siku kumi hivi mbele. Kwa 500 zitakupa 2,000 na pesa ya mtaji itarudi ndani ya wiki ya kwanza ya harusi. Kama hesabu hiyo haikupendezi, usitangaze punguzo lolote. Tuma salamu peke yake, itakuwa salamu nzuri. Punguzo lililotolewa kwa shingo upande hujulikana kaunta, muuzaji anapoanza kusema "hiyo si ya ile ya siku ile".

Andika shilingi, usiandike asilimia. Asilimia inamtaka msomaji ajue bei ya mwanzo, na kama haijui atauliza "bei gani?", na hilo ndilo swali lililoingia kwenye posti yetu. Taja kitu kimoja, bei yake mpya, na bei ambayo watu walikuwa wakiilipa. Bidhaa zote zikitajwa kwa pamoja hakuna kinachokumbukwa. Vile vigauni vya watoto vipe nafasi yao siku nyengine.

Amua pia mapema kama 500 ni bei ya mwisho, kwa maana watu watajaribu kupatana hata hapo, na hiyo ni haki yao. Kama ni ya mwisho, sema hivyo kwa upole ndani ya posti, na wauzaji wote waambiwe kabla duka halijafunguliwa. Ubishi mwingi ninaouona hutokea kwa sababu aliyeandika posti na aliyesimama kaunta ni watu wawili ambao hawakuzungumza.

"Vigezo na masharti kuzingatiwa" iondoe. Kama kuna sharti, litaje kwa maneno mepesi: "ni kwa leso tu, madera bei yake ni ileile." Kama hakuna, sentensi hiyo inamtisha mtu bure. Na usiwahi kupandisha bei ya mwanzo ili punguzo lionekane kubwa, kwa mfano kuandika "ilikuwa 800". Sheria ya Kenya ya kuwalinda wateja ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kudai nafuu ya bei ambayo haipo, na hata bila sheria, leso ya 800 ambayo duka la jirani inauzwa 600 itajulikana kabla ya adhuhuri.

Dalili: watu wanakuja punguzo limekwisha, au hawajui linaanza lini

"Punguzo hadi Idd" na "punguzo siku tatu za Idd" ni maneno yanayoteleza. Ramadhani inaweza kuwa siku 29 au 30, na tangazo la mwezi hutoka usiku. Isitoshe, hapa Mombasa si jambo geni familia moja ikaswali Idd leo na jirani yao kesho, kwa kuwa wengine hufuata mwandamo wa Saudia na wengine hungoja mwezi uonekane kwetu. Ukiandika "leo ni Idd", kuna mteja wako ambaye bado amefunga. Andika "Idd Mubarak" bila kusema ni siku gani, na punguzo lifunge kwa jina la siku, tarehe na saa: kuanzia siku duka linapofunguliwa tena, mpaka Jumamosi tarehe fulani saa moja jioni. Hapo hapana wa kuuliza mwezi umeonekana wapi.

Dalili: watu wanauliza "mwampiga nani?"

Hili hutokea kwa maduka ya leso peke yake na hutengenezwa kwa dakika moja. Picha ya salamu ilipigwa mbele ya rafu, na leso iliyokuwa juu imeandikwa "Hasidi hana sababu". Wateja wa leso husoma jina la leso kabla ya kusoma kitu chengine chochote, kwa hivyo wameona salamu ya Idd yenye kijembe. Chagua leso yenye jina la heri, kama "Wema hauozi", itandaze vizuri jina lionekane lote, na upige picha mchana karibu na mlango ili rangi zisibadilike. Usiandike bei juu ya picha. Picha ni ya salamu, bei ina mahali pake kwenye maandishi.

Dalili: kimya kabisa

Kama hata mioyo hakuna, usiyalaumu maneno kwanza. Tazama kama ujumbe ulifika. Orodha ya kutuma kwa pamoja ya WhatsApp huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao, na orodha moja haipiti watu 256. Fungua ujumbe ulioutuma, uubonyeze, kisha gusa alama ya maelezo: utaona waliofikiwa na waliosoma. Ukiona watu themanini wamo kwenye orodha na ishirini tu ndio waliofikiwa, kasoro yako ni ya namba zilizohifadhiwa. Tiba yake ni ya kaunta na ya polepole: mteja akilipa, mwombe ahifadhi namba ya duka ikiwa angependa kupata habari za mzigo mpya.

Ombi hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Wapo wenye maduka wanaochukua namba za wateja waliowalipa na kuziingiza zote kwenye kundi moja siku ya Idd. Mteja anaamka akijikuta kundini na watu asiowajua, namba yake ikionekana na wote. Hakuna lugha tamu itakayoifanya posti hiyo ionekane ya upole. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya taarifa zake kutumiwa kumtangazia biashara, na kulipa leso si idhini. Stetasi, ambayo hukaa saa 24 na hutazamwa na anayetaka, ndiyo mahali pa heshima zaidi kwa posti kama hii.

Posti ileile baada ya kutengenezwa

Tukiyaweka yote pamoja, mwenye duka angeandika hivi:

"Asalaam aleikum.

Idd Mubarak kwenu nyote. Twawashukuru mliotujia usiku baada ya tarawehe na mkangoja kwa subira, na jirani aliyetuletea mahamri na mbaazi za futari pale kaunta. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu na atufikishe mwakani tukiwa wazima. Majirani zetu msiofunga, Idd ni yenu pia, karibuni biriani.

Tumebakiwa na jozi arubaini za leso. Tukifungua Jumatatu tutaziuza shilingi 500 jozi badala ya 550, mpaka Jumamosi saa moja jioni. Ndiyo bei ya mwisho. Wenye harusi wanaotaka sare, kuna rangi tatu zinazofika jozi kumi kila moja."

Angalia kilichotokea kwa urefu. Salamu imechukua zaidi ya nusu, punguzo limepata sentensi chache, na bado habari ya bei imekuwa kamili kuliko ilivyokuwa kwenye posti ya kwanza: kitu gani, shilingi ngapi, zimebaki ngapi, kuanzia lini mpaka lini, na nani hasa zitamfaa. Hakuna amri hata moja. Ukifunika ile aya ya mwisho kwa kidole, kilichobaki juu yake ni salamu ambayo ungeweza kuituma bila kuuza chochote. Ukifunika salamu, kilichobaki ni tangazo safi. Zote mbili zinasimama.

Ningekubali mtu akiniambia aya ya harusi imezidi. Kwa duka lisilo na rangi za kutosha, iondolewe, kwa sababu mtu atakuja kutoka Likoni akavuka feri kwa ajili ya jozi kumi akute nne. Hesabu mzigo kabla ya kuandika idadi, na ukishauza ile rangi ya tatu, badilisha stetasi siku hiyohiyo.

Posti haikwishi ukishaituma. Atakayejibu "na kwenu pia, Mungu awabariki" amejibu salamu, basi naye ajibiwe salamu: "Amin, na nyinyi pia." Usimfuatishie picha za madera kumi na mbili. Hapo ndipo maduka mengi huharibu walichokwisha kukitengeneza, kwa sababu mteja aliyeitikia dua anagundua kwamba jibu lake limehesabiwa kama ulizio la bei. Anayeuliza bei ndiye apewe bei, pamoja na picha ya kile alichokiuliza tu.

Na kwa yule atakayefika Jumatatu ya pili akisema aliona posti lakini alikuwa Kilifi kwenye msiba au safarini: amua kabla hajafika. Kama jozi zimebaki, muuzie 500 bila kumfanya abembeleze. Kama zimekwisha, mwambie zimekwisha, muonyeshe zilizopo kwa 550, na usimtengenezee punguzo jengine papo hapo, maana walio nyuma yake kwenye foleni wanasikia.